Barua ya wazi kwa mwenye jengo na meneja wake: ile saa nzima tuliyofungiwa ndani ya lifti yenu

Kwa mwenye jengo,
na kwa meneja wa jengo,
Malindi.

Assalam aleikum, na salamu za heshima kwenu nyote.

KUH: LIFTI KUKWAMA NA WATU WANNE NDANI

Mimi ni fundi wa stima, sahii nimestaafu, na miaka 11 ya kazi yangu nilikuwa upande wa matengenezo kwenye hoteli moja Mombasa iliyokuwa na lifti mbili, kwa hivyo haya naandika ni mambo nayajua kwa mikono yangu. Tangu siku hio nimekuja ofisini kwenu mara tatu. Mara ya kwanza meneja katoka. Mara ya pili nikapewa kitabu cha malalamiko nikaandika ukurasa mzima. Mara ya tatu kijana wa mapokezi akaniambia, "mzee, lakini si mlitoka salama?" Meseji nilizotuma zina tiki mbili za bluu na jibu hamna. Ndio nimeona niandike hadharani, si kwa kutaka kumvunjia mtu heshima, ni manake lifti hio bado inabeba watu kila siku vilevile ilivyokuwa.

Ilikuwa Alhamisi, saa nne na dakika 14 asubuhi. Tulikuwa wanne na hakuna anayemjua mwenzake. Mimi naenda floo ya tano kufuata karatasi zangu. Bibi mmoja mtu mzima, mwenyeji wa Mambrui, amevaa buibui na leso begani, ana bakora, anaenda kliniki floo ya nne, miguu imemfura na ana sukari, hawezi ngazi. Kijana wa boda mwenye oda ya biriani kwenye mfuko na helmeti mkononi. Na dada mmoja wa rika la binti yangu, suti safi, faili amelikumbatia kifuani, ana intavyuu ya kazi saa tano kamili floo ya tano. Tukapita floo ya pili, alafu stima ikapotea, lifti ikasita kwa mshtuko mmoja, kimya, na giza.

Kusimama kwenyewe si kosa, na hili nataka lieleweke mapema. Breki ya lifti inabana kwa springi, na ni stima ndio inayoiachilia, kwa hivyo stima ikikatika breki inajibana yenyewe palepale. Hio ni lifti kufanya kazi yake. Malalamiko yangu yanaanza baada ya hapo.

1. Kengele haikulia

Nilibonyeza kile kitufe cha manjano chenye alama ya kengele. Hakuna sauti. Nikakishikilia, nikahesabu mpaka thelathini, hakuna. Kengele ya lifti inatakiwa iwe na betri yake yenyewe, ndio maana yake, manake haina faida kama inahitaji stima ileile iliyopotea. Pembeni kuna vitundu vya spika ya kuongea na mtu wa nje, nikaongea pale kama mtu anayeongea na ukuta. Simu zetu nne hazina hata mstari mmoja wa netiweki, ndani ya boksi la chuma ndani ya shimo la saruji mtandao utatoka wapi.

Basi tukagonga. Kijana kwa helmeti, mimi kwa kiganja, yule dada akavua kiatu akagonga kwa kisigino mpaka kisigino kikakatika. Akakiangalia kile kisigino mkononi kwa tochi ya simu, akasema taratibu, "hivi viatu nimeazima." Dakika 10 hivi tuligonga na hakuna aliyetujibu.

2. Giza na joto

Taa ya dharura iliwaka, ikawa nyekundu kama kaa la jiko linalokufa, na kwa saa yangu ikazima baada ya dakika 4. Viwango vya Ulaya ambavyo lifti nyingi zinajengwa kwa kuvifuata vinataka taa hio ikae saa nzima. Dakika 4 maana yake betri imekufa zamani na hakuna aliyewahi kuipima, na kuipima ni kitu cha dakika chache tu, unazima swichi ya taa unaangalia saa.

Giza ndilo lililotoa hofu za watu. Yule dada alianza kuhema kwa haraka, akawa anasema hewa inaisha, hewa inaisha, tutakufa humu, na kadiri anavyohema ndivyo anavyozidi kukosa pumzi. Nikamwambia mwanangu, lifti si chupa, haikufungwa kizibo, ina matundu ya hewa juu na chini kwa makusudi. Hakuniamini. Nikamuomba bibi uzi mmoja wa pindo la leso yake, akauchomoa kwa meno, nikauning'iniza karibu na upenyo wa mlango, kijana akamulika. Ule uzi ukawa unacheza, unavutwa ndani, unarudi. Shimo la lifti ni kama bomba refu, joto linapanda juu na hewa nyingine inaingia kwa chini. Dada akautazama ule uzi kwa muda mrefu sana, mpaka pumzi zake zikaanza kufuatana. Baadae akaomba aushike mwenyewe, akaushika karibu muda wote uliobaki.

Bibi yeye hakulia wala hakupiga kelele. Alikaa chini taratibu, mgongo ukutani, akasema, "mimi siogopi kufa wanangu, naogopa hili giza, nahisi nimewekwa mwanandani na bado naskia." Hakuna aliyepata la kumjibu. Nawaomba mkisoma hapa msipite haraka.

Hewa ilikuwepo, lakini joto la kaskazi mnalijua, na watu wanne kwenye kijumba kile na feni imezima, shati langu lililoa kama nimetoka kuoga. Hatari ya kweli ndani ya lifti iliyokwama ni hio, joto, hasa kwa mtu mzima na mgonjwa.

3. Mlango

Kijana wa boda hakuweza kukaa. Alizunguka, akarukaruka mara mbili nikamkataza, akaniuliza kamba ikikatika je. Nikamwambia kamba za chuma ziko kadhaa na kila moja ina nguvu kuliko mzigo wenyewe, na hata zikikatika zote kuna makucha chini ya lifti yanayobana reli inapozidi spidi. Nikamhadithia habari ya Elisha Otis, mwaka 1854 kwenye maonyesho kule New York, alisimama juu ya jukwaa la lifti akaamuru kamba ikatwe mbele ya watu, jukwaa likashuka kidogo likanasa. Akaskiza, akanyamaza kama dakika mbili, alafu akaweka vidole kwenye mlango akaanza kuuvuta.

Hapo ndipo tulipogombana kweli. Nilimshika mkono nikamwambia acha, akasema "mzee unataka tufe humu ndani kwa ajili ya kanuni zako?", akanisukuma nikagonga ukuta na mimi nikamtolea neno baya ambalo sitaliandika hapa. Dada akampigia kelele yeye, kisha akanipigia mimi. Bibi akapiga bakora sakafuni mara moja, "Basi! Mnapigana mbele yangu mimi?" Tukanyamaza wote. Lakini mlango alikuwa ameshausogeza, upana wa vidole vinne hivi. Tukamulika. Juu yote ni saruji, na chini, usawa wa magoti yetu, bati la mlango wa floo ya pili, sehemu yake ya juu. Yaani tumesimama juu kidogo ya floo ya pili, sakafu yetu iko kama mita 1 na robo kutoka sakafu ya nje.

Saa nne na dakika 36 stima ikarudi. Taa ikawaka, feni ikaguruma, dada akapiga makofi, bibi akasema alhamdulillahi. Lifti haikuenda popote. Nikabonyeza floo ya pili, ya tatu, hakuna. Nikaona ule upenyo nikajua. Kila mlango wa lifti una swichi yake, na swichi hizo zimeunganishwa kwa msururu mmoja, ikiwa moja tu imeachana mota haipewi stima. Ni kinga nzuri, inazuia lifti isitembee mlango ukiwa wazi. Tukausukuma mlango mpaka ukafunga, lifti ikatikisika kidogo sana kama inataka kuondoka, ikasimama tena, na baada ya hapo ikawa kama maiti.

Dada akamgeukia kijana, "ni wewe! Tungekuwa tumeshatoka, ni wewe umeiharibu!", na kijana akakaa chini akafunika uso kwa helmeti. Nilikuwa na hasira naye hata mimi, lakini nikamulika juu ya mlango pale inapokaa ile swichi, nikaona vyuma vyake vina ukungu wa kijani, ile kutu ya shaba inayoletwa na chumvi ya bahari. Swichi safi ingejirudi mlango ulipofungwa. Kijana alikosea, ndio, lakini aliyeiacha swichi ioze si yeye, na nikamwambia hivyo mbele ya wote, nikamuomba radhi kwa lile neno. Akanijibu kutoka ndani ya helmeti, "wanakata pesa ya oda, mzee. Na jana pia walikata."

Alafu ikaja hii. Bibi alianza kutetemeka mikono, jasho la baridi, anajibu maneno hayafuatani. Alikuwa hajala tangu usiku sababu kliniki walimwambia aje na njaa wampime damu. Sukari ilikuwa inashuka. Kijana ndiye aliyeona wa kwanza, na hakuuliza mtu, akararua mfuko wa oda, ndani mna juisi ya ukwaju ya chupa, akamnywesha kidogokidogo ameshika kichwa chake kama mtoto wake mwenyewe, kisha akamlisha wali wa biriani kwa vidole. Baada ya robo saa bibi akamuuliza jina la mamake. Harufu ya biriani ilijaa mle ndani, na dada akaanza kulia, kilio cha kimya, intavyuu yake ilikuwa imepita kwa dakika 5.

4. Soja na ule ufunguo

Hili ndilo limenifanya niandike kuliko yote. Saa tano na dakika 7 hivi tuliskia chuma kinagongana nje, mlango wa floo ya pili ukafunguliwa, na pale chini usawa wa magoti yetu tukaona uso wa soja wenu. Alikuwa na ule ufunguo wa pembetatu. Akasema kwa roho safi kabisa, "njooni mmoja mmoja, lala chali uteremshe miguu, mimi nitawashika." Kijana na dada walikuwa tayari wamepiga magoti.

Nikasimama mbele ya upenyo nikakataa. Nawaeleza kwa nini, manake hapa ndipo watu hufa kwenye lifti, si kwa kamba kukatika. Sakafu yetu ilikuwa kwenye kifua cha yule soja. Chini ya sakafu ya lifti kunatakiwa kuwe na bati refu linaloning'inia, kama sentimita 75, na chini ya bati hilo, mpaka kwenye sakafu ya floo, ni shimo wazi. Mtu akiteremka kwa tumbo au kwa mgongo miguu inabembea kuelekea ndani, inapita chini ya bati, na mwili unafuata. Floo mbili mpaka chini kwenye saruji. Na stima ilikuwa imerudi, swichi kubwa haijazimwa, yaani lifti ingeweza kuondoka wakati mtu yuko nusu ndani nusu nje.

Soja hana kosa. Nilimuuliza kupitia ule upenyo, umefundishwa na nani hii kazi? Akasema, "nimepewa tu ufunguo, mzee."

Basi nikamuelekeza kwa sauti. Funga huo mlango kwanza, uhakikishe umejifunga. Mtafute mwenzako abaki hapa floo ya pili na simu, wewe upande kwenye chumba cha mashine. Zima swichi kubwa ya lifti kabla hujagusa kitu, na usiruhusu mtu airudishe. Ukutani utakuta gurudumu na mkono wa breki. Huyu wa chini akupigie simu abaki hewani. Ufunguo wa chumba cha mashine ukawa hauonekani, dakika zikaenda, na mkono wa breki nao haukuwa ukutani, aliukuta umetumika kuzuia mlango wa paa usijifunge.

Mara akapiga kelele kwenye simu, mwenzake akatuletea, breki nimeachilia na haiendi! Hapo nilifurahi kwa mara ya kwanza siku ile. Upande wa pili wa kamba kuna kauntaweti, uzito wa chuma unaolingana na lifti tupu pamoja na karibu nusu ya mzigo wake. Lifti yenu kibao kinasema watu 8, kilo 630, nusu yake 315. Sisi wanne tulikuwa kama 280. Tulikuwa karibu sawa na kauntaweti, ndio maana hatukwenda juu wala chini, na maana yake angeweza kuizungusha kwa mkono bila kupigana nayo. Nikamwambia zungusha taratibu, kidogokidogo, ukichoka rudisha breki. Ingekuwa mtu mmoja ndani au ingekuwa imejaa, breki ikiachiliwa lifti inaanza kutembea yenyewe, na soja asiyefundishwa anaweza kuipoteza. Tulikuwa na bahati ya hesabu tu. Tukaanza kushuka upana wa kidole kwa kidole, mpaka yule wa floo ya pili akasema sawa sawa, breki ikarudishwa, mlango ukafunguliwa, sakafu na sakafu zimelingana. Saa tano na dakika 26. Bibi alitoka wa kwanza ameshikwa na kijana.

Najua majibu mtakayotoa, baadhi nimeshapewa.

Mtasema stima si yenu. Kweli, stima ya hapa sote tunaijua, na kwa sababu mnaijua ndio mngefunga kile kifaa cha betri ambacho stima ikikatika kinaivuta lifti taratibu mpaka floo iliyo karibu na kufungua mlango. Mtasema fundi anatoka Mombasa. Ni kweli pia, kilomita 120 hivi, saa mbili barabarani siku nzuri, na bibi yule hakuwa na saa mbili. Mtasema chumvi ya bahari inakula vyuma. Inakula, ndio, na hio ni sababu ya kukagua mara nyingi zaidi, si ya kuacha. Na mtasema hakuna aliyeumia. Kwa hilo nimeshaandika kilichotokea kwenye ule upenyo, someni tena namba 4.

Ninachoomba ni hiki, ndani ya siku 30:

Kwanza, lifti isimamishwe mpaka kengele, spika ya kuongea na nje, betri ya taa na swichi za milango zibadilishwe na kujaribiwa mchana kweupe, tena na mtu akiwa ndani. Kwa muda huo kliniki ya floo ya nne ipewe chumba chini, kipo, nimekiona kimewekwa magodoro.

Pili, watu wawili wa hapahapa jengoni, si wa Mombasa, wafundishwe na kampuni ya lifti namna ya kuishusha kwa mkono, na mpaka wafundishwe ule ufunguo wa pembetatu uondolewe kwa soja. Mkono wa breki urudi ukutani kwake.

Tatu, sheria yetu ya usalama na afya kazini ya mwaka 2007 inataka lifti ikaguliwe na mtu aliyeidhinishwa angalau mara moja kila miezi 6. Bandikeni ripoti ya mwisho pale chini karibu na mlango wa lifti ili kila anayepanda aisome. Kama haipo, semeni haipo.

Kifaa cha betri cha kuivuta lifti kina gharama, sitajifanya sijui, kwa hicho nitakubali mkinipa tarehe kwa maandishi.

Siku 30 zikipita kimya nitaipeleka barua hii na maelezo yetu sote wanne kwa maafisa wa usalama kazini. Tumeshaweka sahihi, hata bibi ameweka dole gumba. Kijana alilipa ile oda mwenyewe, shilingi 850, na yule dada hakuitwa tena kwenye intavyuu. Hayo mawili naomba mzungumze nao wenyewe.

Kliniki ya bibi inayofuata ni Jumanne, wiki tatu kutoka leo. Amenipigia jana akaniuliza, mwanangu, ile lifti wameshaitengeneza? Nimemwambia nitamjibu nikipata barua yenu.

Wenu kwa heshima,

Fundi mstaafu, mkazi wa Barani, Malindi
kwa niaba ya abiria wenzangu watatu